Picha ya mtaani ni ya lini? Namna ya kuipima kabla ya kulipa kodi

Mama mmoja wa Lamu anayeshona mabuibui alitaka kukodi chumba cha duka Malindi, na dalali akamtumia kiungo cha picha ya mtaani, yaani Street View ya Google Maps. "Mwanangu, mbele ni kweupe, gari zinaegesha," akaniambia kwa furaha. Nikamwambia asubiri kwanza kutuma amana. Tulilolifanya ni hili.

Hatua ya 1: Soma tarehe iliyo ya picha

Tumia kompyuta. Kwenye simu mambo haya yanajificha, na mimi siyafanyi huko kabisa. Ukiwa ndani ya picha, tafuta chini "Image capture" pamoja na mwezi na mwaka. Mwaka ulio kando ya alama ya © ni wa hakimiliki tu. Ukiona "See more dates", bonyeza ulinganishe na miaka mingine.

Tarehe hiyo ni ya pale uliposimama, si ya barabara nzima. Sogea hatua chache, isome tena; inaweza kuruka miaka.

Picha inachelewa kwa sababu gari la kamera halirudi kila mwaka. Likishapita, picha huunganishwa, nyuso na nambari za gari zikafichwa, ndipo zikatolewa. Hukaa hapo hadi gari lipite tena. Na vichochoro vya Mji wa Kale wa Lamu gari haliviingii, kwa hiyo huko utategemea zaidi picha za watu binafsi.

Hatua ya 2: Jua aliyeipiga

Mburute yule mtu mdogo wa manjano aliye kwenye kona hadi juu ya ramani. Mstari wa buluu ni njia iliyopitwa na kamera mfululizo. Kidoti cha buluu ni picha moja ya mzunguko, mara nyingi ya mtu binafsi, na jina lake huonekana pembeni. Tarehe ya kidoti hutegemea saa ya kamera yake, na kamera iliyoishiwa betri inaweza kuanza kuhesabu upya. Kiungo cha yule mama kilikuwa cha kidoti, kimeandikwa Juni 2021.

Hatua ya 3: Ulize kivuli na mabango

Hapa ndipo pa kukaa sana.

Malindi iko digrii 3 hivi kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua linakuwa upande wa kaskazini kutwa nzima, kwa hiyo vivuli huelemea kusini. Desemba ni kinyume: jua liko kusini, vivuli vinaelemea kaskazini. Saa sita mchana mwezi wa Juni, nguzo ya mita 3 hutoa kivuli cha mita moja na nusu kuelekea kusini. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini, basi miezi hiyo usikitegemee kivuli.

Kwenye picha yetu kivuli cha nguzo ya stima kilikuwa kifupi, kikielekea kaskazini. Lakini dira ya picha ya mtu binafsi huweza kupotoka, kwa hiyo usiiamini peke yake. Linganisha mwelekeo wa barabara kwenye picha na mwelekeo wake kwenye ramani, kisha ndipo useme kaskazini ni wapi. Tulifanya hivyo, na kivuli kikabaki kile kile. Juni haikuwezekana.

Kivuli kinakupa msimu, hakikupi mwaka. Mwaka utafute kwenye mabango. Nyuma ya nguzo lilisomeka bango la Barclays, benki ambayo nchini Kenya ilibadilisha jina kuwa Absa Februari 2020. Hapo kuna mtego: bango la zamani linaweza kubaki ukutani baada ya jina kubadilika, kwa hiyo lilitutia shaka tu, halikutosha kuhukumu. Kilicho na nguvu ni kitu kipya. Bango la Absa lingetuambia picha si ya kabla ya 2020. Mabango ya wagombea ya uchaguzi wa Agosti 2022 nayo huonyesha picha haikupigwa kabla ya kampeni hizo, ila hubandikwa na kusahaulika miaka.

Hatua ya 4: Shuka kutoka angani

Fungua Google Earth Pro, bonyeza saa ya picha za zamani, uvute kitelezi. Kila picha ina tarehe yake. Watu wengi hukimbilia picha za setilaiti za Sentinel-2 kwa sababu hupita kila siku tano, ila kila nukta ya picha zake ni mita 10 kwa 10. Ploti ya futi hamsini kwa mia haitimizi nukta tano. Haitakuonyesha kibanda.

Kwa yule mama, picha mpya ya angani ilionyesha paa la mabati pale palipokuwa peupe. Ile nafasi ya kuegesha gari haikuwepo tena.

Hatua ya 5

Mwombe dalali akupigie simu ya video akiwa mlangoni, atembee hadi barabarani bila kukata. Video iliyorekodiwa usiikubali, maana nayo ina tarehe ya kutilia shaka.