Alama ya ng' katika maandishi ya kuhifadhi

Wanaonakili mahojiano ya wazee wa Moshi kuhusu kihamba na mifugo wachunge kialama cha ng'ombe, kwani programu nyingi za kuandikia hukipinda zenyewe, kutoka U+0027 iliyonyooka hadi U+2019 iliyojikunja. Kwa macho tofauti ni ndogo, lakini kwa kompyuta hayo ni maneno mawili, na atakayetafuta moja huenda asilione la pili.

Madhara huzidi usimbaji ukichanganywa. U+2019 huchukua baiti tatu katika UTF-8, na faili hilo likifunguliwa kama Windows-1252 utaona `ng’ombe`. Ukiona hivyo usihifadhi. Lifungue upya kwa UTF-8.

Mimi huchagua U+0027, kwa kuwa ipo kwenye kila kibodi na baiti yake ni ileile katika mifumo yote miwili. Zima ubadilishaji wa alama za nukuu kabla ya kuanza kuandika, kisha uhifadhi nakala ya .txt kwa UTF-8. Katika faili za zamani, badilisha ng’ pekee, pamoja na Ng’ na NG’, wala usiguse nukuu za kauli za wazee, ambazo zinaweza kutumia alama hiyohiyo iliyojikunja.