SOMO: Kupanga video za kufundisha Kiswahili kwa wageni, kiwango cha A1

Chaneli nyingi za Kiswahili huanza na salamu, zikaruka kwenye rangi, halafu video ya tatu inamwaga ngeli zote. Mgeni hajui aanzie wapi.

1. Viwango. Fungua orodha moja kwa A1, nyingine kwa A2. Kichwa cha video kianze na kiwango na namba: "A1-07 Shambani". Katika A1 fundisha upatanisho wa M/WA peke yake, ukianza na watu kisha wanyama. "Kitabu hiki" akikutana nacho, akishike hivyohivyo kizima, kanuni atazikuta mbele.

2. Somo lenyewe. Hapa ndipo penye kazi. Chukua sentensi "Ng'ombe anakula majani."

Kwanza itamke mara mbili bila maandishi yoyote, mdomo wako ukionekana. Maandishi yakitangulia, mgeni husoma kwa sauti za lugha yake na sikio linalala.

Kisha lete maandishi, silabi yenye mkazo ikiwa na rangi: NG'Ombe anaKUla maJAni. Yakae juu ya kioo, maana manukuu ya YouTube hutokea chini na yatayafunika. Tamka tena, halafu nyamaza kwa muda unaotosha mtu kuisema polepole. Wakati wa kuhariri utashawishika kukata kimya hicho. Kiache.

Mwisho ondoa maandishi, onyesha picha ya ng'ombe tu, aseme mwenyewe, ndipo utoe jibu.

3. Marudio. Somo linalofuata lifungue na sentensi hiyo ikiwa imegeuzwa: "Ng'ombe wawili wanakula majani." Irudishe tena masomo kadhaa baadaye. Andika kwenye daftari ipi imerudi wapi, la sivyo utasahau.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, wanafunzi wangu wanasema ng'ombe kwa ng ya ngoma. Nifanyeje?

Waambie wavute sauti ya puani, ng'ng'ng', nyuma ya ulimi ikigusa kaakaa, kisha waiachie moja kwa moja kwenye o. Ukisikia g hata kidogo kabla ya o, bado. Warekodi ng'ombe na ngoma zikifuatana wajisikilize.

Tafsiri niiweke wapi?

Kwenye maelezo chini ya video. Ikikaa kwenye kioo, watasoma hiyo tu.

Rangi ya mkazo niweke kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho?

Karibu kila mara, ndugu. Kumbuka mkazo husogea neno likirefuka: SOma, soMEsha, someSHEni. Yapo machache yanayokiuka. Barabara ya magari ni baraBAra, lakini ukimaanisha sawasawa ni baRAbara. Hilo la pili lisubiri B1.