Mzee amefariki na duka lipo: TIN na hesabu za kuanzia, Uganda

Kosa ninaloliona sana ni hili, mzee anazikwa, wiki ya pili duka limefunguliwa na mtoto anaendelea kuingia URA kwa pasiwadi ya marehemu kama vile hakuna kilichotokea. Kama duka lilikuwa la mtu binafsi, si kampuni, ile TIN ni ya mzee mwenyewe, hairithiwi pamoja na rafu.

Anzia NIRA upate cheti cha kifo. Halafu barua ya LC1 na kikao cha familia kuamua nani atasimamia, mpeleke kwa Administrator General mpate cheti cha kutokuwa na pingamizi, ndipo muende kortini kuomba barua za usimamizi wa mirathi. Korti inatangaza ombi na kusubiri siku 14 kuona kama kuna anayepinga. Hapa ndugu wasioongea vizuri ndio wanachelewesha kila kitu.

Lakini kuhesabu mali msisubiri korti! Tuchukue duka la hadiwea pale Arua, mzee kafariki Mei 3, watoto wamepata nguvu ya kuhesabu Mei 17 tu. Wamekuta mali ya 16,900,000. Hiyo siyo ya siku ya kifo, kwa hiyo wanaongeza iliyouzwa kati hapo, kwa bei ya kununulia, 2,700,000, wanatoa mzigo mpya ulioingia wa 1,200,000, inabaki 18,400,000. Msiweke bei ya kuuzia, simenti mliyonunua 34,000 andikeni 34,000 hata kama mnauza 38,000, la sivyo faida itaonekana ndogo kuliko ukweli mkishaiuza na URA watauliza.

Pesa taslimu siku ya kifo, droo na laini ya simu ya duka, 1,250,000. Madeni ya wateja kwenye daftari 3,600,000, ila 900,000 ni ya watu waliohama zamani, basi 2,700,000. Wasambazaji wanadai 5,200,000. Jumlisha, toa deni, mtaji wa kuanzia ni 17,150,000. Karo aliyodaiwa mzee shuleni ni deni la mirathi, isiingie kwenye vitabu vya duka.

Barua za usimamizi zikitoka, msimamizi anaingia ura.go.ug kuomba TIN ya mirathi yenyewe, anaambatisha barua hizo na cheti cha kifo. Mwaka wa kodi unaishia Juni 30, kwa hiyo mauzo hadi Mei 3 yanaingia kwenye ritani ya mwisho ya mzee, ya Mei 4 kuendelea ni ya mirathi. Deni la kodi la mzee linalipwa kutoka mali yake kabla ya kugawana, halafu ndipo mnaomba TIN yake ifungwe.

Mkishagawana na duka likamwangukia mtoto mmoja, yeye anaanza kwa TIN yake, anasajili jina la biashara URSB, na anahesabu tena stoo siku hiyo.