Jinsi ya kuiandikia bodi ya SACCOS kuhusu mgongano wa maslahi bila kumtuhumu mtu

Nimekuwa kwenye kamati ya usimamizi ya SACCOS ya kazini, na barua za wanachama zilipitia mikononi mwangu. Nyingi zilianza na neno "wizi". Barua ya namna hiyo ikifika kwenye bodi, kikao kizima kinajadili lugha ya mwandishi: anamkashifu nani, ana ushahidi gani, aitwe ajieleze. Fedha yenyewe haiguswi. Iliniuma, kwa sababu mara nyingine mwandishi alikuwa na hoja ya kweli.

Tuchukue mfano. SACCOS imenunua kompyuta 8 kwa shilingi 11,600,000, yaani 1,450,000 kila moja. Wewe mwanachama unajua duka lililouza ni la mke wa mjumbe mmoja wa bodi.

Kabla ya kuandika, chukua karatasi uipige mistari, upate safu tatu: nilichokiona, nilichokisikia, ninachokidhania. Kwenye safu ya kwanza yataingia haya: kiasi kilichosomwa kwenye taarifa ya fedha ya Mkutano Mkuu, jina la duka kwenye risiti, na jina la mmiliki kwenye leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani dukani. Kwamba mjumbe "alishinikiza" ununuzi, hilo uliambiwa na mtu. Kwamba "waligawana", hilo ni dhana yako. Barua itabeba safu ya kwanza peke yake. Ya pili iache, labda aliyekuambia akubali kuandika mwenyewe. Ya tatu igeuze iwe swali.

Soma pia masharti ya chama chenu, kipengele cha mgongano wa maslahi na cha manunuzi. Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Kukiuzia chama bidhaa si lazima liwe kosa. Kwa kawaida kinachotakiwa ni mjumbe atamke uhusiano wake, atoke nje wakati wa uamuzi, na hilo liandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Kwa hiyo swali lako linahusu muhtasari, wala halihusu tabia ya mtu.

Ukitaka kulinganisha bei, omba profoma kwenye maduka mengine mawili, kwa kompyuta ya aina ileile. Waliokupa 1,220,000 huenda hawatoi dhamana ya mwaka mzima, au bei imeshuka tangu siku ya ununuzi. Ambatisha profoma zenye tarehe, uache tarakimu zijieleze.

Mwili wa barua unaweza kuwa hivi:

"YAH: OMBI LA UFAFANUZI KUHUSU UNUNUZI WA KOMPYUTA 8

Husika na somo hapo juu. Katika Mkutano Mkuu wa tarehe 15 Machi 2025 ilisomwa taarifa ya ununuzi wa kompyuta 8 kwa Sh. 11,600,000. Leseni ya biashara ya duka lililouza ina jina la mwenza wa mjumbe mmoja wa Bodi. Sijaona muhtasari wa kikao kilichoidhinisha ununuzi huo.

Naomba kujua: (1) je, uhusiano huo ulitamkwa kabla ya uamuzi; (2) profoma ngapi zilishindanishwa; (3) je, mjumbe husika alishiriki kuamua. Naomba majibu kwa maandishi kabla ya tarehe 30 Aprili 2025. Kama kuna kumbukumbu ambayo sikuiona, nitashukuru kuoneshwa."

Sentensi hiyo ya mwisho usiifute. Huenda mjumbe alitamka kila kitu na wewe hukujua. Ukiwa umeacha mlango wazi, hutalazimika kuomba radhi mbele ya wanachama. Maneno ya kuondoa kabla ya kusaini ni kama "eti", "inavyojulikana" na "kwa makusudi". Hayo ndiyo mwenyekiti atakayoyapigia mstari.

Barua iandike kwa Mwenyekiti wa Bodi, na nakala kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi. Ikiwa suala linamgusa mwenyekiti wa bodi mwenyewe, anza na Kamati ya Usimamizi, maana hiyo ndiyo yenye kazi ya kuiangalia bodi kwa niaba ya wanachama. Peleka nakala mbili ofisini, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na urudi nayo nyumbani. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la wanachama. Ikishafika huko inasomwa kama tuhuma hata kama maneno yake ni ya upole, na mjumbe husika anaanza kujitetea kabla bodi haijakaa.

Tarehe uliyoweka ikipita kimya, andika kumbusho fupi linalotaja barua ya kwanza. Likipita nalo, chukua nakala yenye muhuri, kumbusho na viambatisho, uvipeleke kwa afisa ushirika wa halmashauri. Juu yake yuko Mrajis wa Vyama vya Ushirika, ambaye chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 anaweza kuagiza uchunguzi wa chama. Huko usiandike barua mpya yenye hasira ya kunyamaziwa. Andika mistari mitatu ya kufunika viambatisho, na maswali yako matatu yabaki vilevile yalivyokuwa.