Kuunda lachi ya SR kwa chipu ya 74HC02 na kuiongezea mlango wa ruhusa

Lachi ya SR ni saketi inayokumbuka biti moja: S huiweka 1 na R huirudisha 0. Mwongozo huu unatumia chipu ya 74HC02, yenye malango manne ya NOR, na umeme wa volti 5. Napendelea waya halisi kuliko programu ya kuigiza saketi, kwa kuwa programu nyingi huyachukulia malango yote kuwa na kasi moja, na hivyo huficha jambo lililo muhimu kuliko yote hapa.

Hatua ya 1. Mguu wa 14 uende chanya, wa 7 hasi. Kitufe cha R kitoke chanya na kuingia mguu wa 2, na cha S vivyo hivyo mguu wa 5, kila mguu ukivutwa hasi kwa rezista ya kiloomu 10. Unganisha mguu wa 1, ambao ndio tokeo Q, na wa 6. Kisha wa 4, ambao ni kinyume cha Q, na wa 3. Kwenye chipu hii mguu wa 1 hutoa, ilhali kwenye 74HC08, tutakayoitumia katika hatua ya 4, hupokea, kwa hiyo usifuate mazoea. Miguu ya 8, 9, 11 na 12 iende hasi.

Hatua ya 2. Bonyeza S kisha achia: Q inabaki 1. Bonyeza R: inarudi 0.

Hatua ya 3. Bonyeza vyote viwili. Lango la NOR hutoa 0 mara tu ingizo lake mojawapo likiwa 1, kwa hiyo matokeo yote mawili yanakuwa 0 na hayapingani tena. Hali hiyo haiunguzi chochote. Tatizo liko katika kuachia. Ukitumia vidole hutaliona, kwa sababu kimoja hutangulia daima, na kitufe kilichochelewa kuachiwa ndicho kinachoamua Q.

Hatua ya 4. Weka 74HC08, yenye malango ya AND, mbele ya lachi, miguu yake ya 14 na 7 ikipata umeme kama ya 74HC02. Ongeza kitufe cha tatu, E, ambacho ndicho cha ruhusa. S na E ziingie miguu yake ya 1 na 2, na mguu wa 3 uende mguu wa 5 wa 74HC02; R na E ziingie miguu ya 4 na 5, na wa 6 uende mguu wa 2. Hamishia rezista kwenye S na R mpya, na E ipate yake. Maingizo yasiyotumika yaende hasi. E ikiwa 0, lachi hushikilia ilichonacho.

Sasa shikilia S na R zikiwa 1, kisha achia E. Waya mmoja unazima pande zote mbili karibu kwa wakati mmoja, na kila lango linakimbilia kutoa 1 kabla ya mwenzake. Huenda ukaona upande uleule ukishinda kila mara, ukadhani kuna kanuni. Ukweli ni kwamba malango hayo hayalingani sawasawa, na ukibadilisha chipu au joto mshindi anaweza kubadilika. Isitoshe, yakikaribiana mno, Q inaweza kusitasita katikati ya 0 na 1 kwa muda usioweza kutabiriwa kabla ya kutulia.

Hatua ya 5. Dawa ninayoiamini ni kuondoa kitufe cha R na rezista yake. Tenganisha miguu ya 8 na 9 ya 74HC02 na hasi, iunge pamoja na S, kisha mguu wa 10 uende pale R ilipokuwa ikiingia kwenye 74HC08. Hapo S na R haziwezi kutulia zote zikiwa 1, ila usibadilishe S wakati E inazimwa.