SOMO: Gari inaleta P0171, usikimbilie kubadili oksijeni sensa

Wakuu habari zenu. Juzi kaletwa kwangu Toyota mmoja, injini ndogo ya petroli, taa ya chek injini inawaka, mashine ya kupimia inaleta kosa P0171, yaani hewa imezidi mafuta, sailensa, ule mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, inayumba, na mwenyewe ameshabadilishiwa oksijeni sensa mara mbili sehemu nyingine na taa ikarudi zote mbili. Nikaona bora niwaelekeze tulivyoipata.

Kwanza elewa inachokitaka injini. Kuunguza kilo 1 ya petroli vizuri unahitaji hewa kilo 14.7 hivi, yaani lita moja tu ya mafuta inakula hewa karibu lita 9,000! Ikizidi hewa tunasema mchanganyiko mwepesi, yakizidi mafuta ni mzito, na katalisti kwenye eksozi inasafisha moshi vizuri pale tu tunapokuwa jirani kabisa na hiyo 14.7.

Sasa kompyuta inajuaje? Sensa ya hewa pale baada ya filta inapima hewa inayoingia, kompyuta inapiga hesabu nozeli ifunguke milisekondi ngapi, halafu oksijeni sensa kwenye eksozi inasahihisha mtihani. Sensa ya kawaida ikitoa karibu volti 0.9 maana yake mafuta yamezidi, ikishuka 0.1 hewa imezidi, na ikiwa nzima injini ikishapata moto utaiona inapanda inashuka muda wote kwa sababu kompyuta inaongeza kidogo, inapunguza kidogo, haitulii. Sensa ikiwa ya baridi haisomi kitu, ndo maana asubuhi gari inatumia hesabu tu mpaka sensa ipate moto.

Haya, hatua zenyewe.

1. Washa gari mpaka ipate moto kabisa, chomeka mashine, fungua STFT na LTFT. Hizo ni asilimia ambazo kompyuta imeongeza au imepunguza mafuta, STFT ni ya sasa hivi na LTFT ni ile iliyokariri siku nyingi. Unazijumlisha. Ikicheza ndani ya 5 juu au chini huna shida, ikipita kumi anza kutafuta.

2. Soma kwenye sailensa. Ile gari ilikuwa STFT +6 na LTFT +19, jumla +25, yaani kompyuta inaongeza robo nzima ya mafuta na bado sensa inalia hewa nyingi.

3. Kanyaga mpaka 2500 rpm ushikilie. Ikashuka, jumla +6. Hapa ndo siri yote ilipo. Hewa ya wizi inayoingia baada ya ile sensa ya hewa haipimwi, na kwenye sailensa injini inavuta hewa kidogo sana kwahiyo katundu kadogo ni sehemu kubwa ya hewa yote, ukikanyaga hewa halali inakuwa nyingi katundu kanamezwa. Ingekuwa pampu ya mafuta imechoka au filta imeziba ungeona kinyume, sailensa nzuri halafu ukibeba mzigo namba zinapanda.

4. Tafuta wizi. Nilianza kubana mipira ya vakyumu mmojammoja kwa koleo, nilipobana ule mnene unaotoka kwenye kava ya vali sailensa ikatulia palepale. Kuutoa, chini kwenye kona umepasuka, juu unaonekana mzima kabisa. Mpira mpya, nikafuta kosa, LTFT ikarudi +2. Sensa ilikuwa inasema ukweli siku zote, jamaa wanampiga mjumbe.

MASWALI

Mdau: Fundi, yangu inanuka petroli nyuma lakini mashine inasema hewa nyingi, inakuwaje?

Jibu: Mkuu angalia plagi na koili. Sensa inahesabu oksijeni, haihesabu petroli. Sisilinda moja isipowaka inatupa hewa yake yote mbichi kwenye eksozi pamoja na mafuta, sensa ikiona hiyo hewa inamwambia kompyuta aongeze. Ukiendelea kuiendesha hivyo katalisti inaungua.

Mdada: Na eksozi ikitoboka je? Yangu inapiga kelele kule mbele.

Jibu: Dada hiyo nayo inadanganya, kama tundu liko kabla ya sensa linavuta hewa ya nje kidogokidogo na sensa inaiona. Ziba kwanza ndo upime.

Mdau: Kaka gari yangu haina sensa ya hewa, ina ile ya presha kwenye manifoldi. Njia ni hiyohiyo?

Jibu: Hapana, hapo hewa ya wizi inapandisha presha ya manifoldi, kompyuta inaiona na kuongezea mafuta, kwahiyo mara nyingi namba hazistuki sana ila sailensa inapanda juu. Sikiliza mluzi, fuata mipira.