Somo: Yai la mvuke kwa mzee asiyeweza kutafuna

Kila wiki ni lile lile: "Bibi katoka hospitali, hataki kula, nimpe nini?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa. Yai la kuchemsha mwachieni mwenye meno. Kiini chake kikavu kinageuka unga mdomoni na kunata, na mgonjwa hana mate ya kukishusha. Mama mkwe wangu hapa Uyole alitoka wodini na homa ya mapafu, meno yamebaki machache, chai tu ndiyo ilikuwa inapita. Kilichomrudisha mezani ni yai la mvuke, laini kama maziwa mgando.

1. Osha yai 1, livunje katikati. Ganda ndilo kipimo: maziwa nusu ganda mara nne. Yai la kienyeji ni dogo, ila na ganda lake ni dogo, hivyo hesabu haiharibiki.

2. Maziwa yawe yamechemshwa, yakapoa hadi vuguvugu.

3. Koroga kwa uma taratibu, usitoe povu. Chumvi kidogo sana, kama daktari hajaikataza.

4. Chuja kwa chujio la chai, mimina kwenye kibakuli. Ule uzi mweupe ulioshika kiini hauishi hata ukiupika, na mzee atautema.

5. Moto. Hapa ndipo watu wanaharibu. Tandika kitambaa ndani ya sufuria, weka kibakuli juu yake, mimina maji ya moto yafike nusu ya kibakuli. Funika kibakuli kwa sahani ndogo, la sivyo matone ya mfuniko yatakidondokea. Kwa jiko la mkaa, subiri makaa yavae majivu, kisha punguza mengine. Maji yatetemeke tu. Ukisikia kibakuli kinagongagonga, moto umezidi: fungua mfuniko kidogo kwa kuegemeza mwiko. Moto ukizidi yai linakaza, linakamua maji yake, unapata vipande vyenye matundu vinavyoogelea. Hapo usimpe. Mwenye koo dhaifu akipewa maji na vipande kwa pamoja, maji yanatangulia kabla hajajiandaa, anapaliwa.

Angalia baada ya dakika 12 hivi. Tikisa: katikati panacheza lakini hapamwagiki. Chomeka ncha ya kisu katikati, itoke bila maziwa mabichi. Bado? Rudisha dakika 3.

6. Mkalishe wima, kijiko cha chai, asubiriwe ameze. Akimaliza akae nusu saa kabla ya kulala.

MASWALI

Mama Tupo: Maziwa kiasi gani?
— Hatua ya 1.

Kijana wa Mafinga: Kwetu wanamkorogea mgonjwa yai bichi kwenye maziwa ya moto. Si ni rahisi zaidi?
— Rahisi kwako. Yai bichi linaweza kuwa na salmonela, na mzee aliyetoka kuugua ndiye wa mwisho wa kuchezea kuhara. Maziwa ya kikombe yanapoa kabla yai halijaiva.
Kijana wa Mafinga: Babu zetu walikunywa wakaishi.
— Na waliozikwa huwaoni wakibisha. Lipike.

Dada wa Ilula: Kamwene. Shemeji wa Dar anasema lake linaiva upesi kuliko langu, na vipimo ni vile vile. Nakosea wapi?
— Hukosei, dada, na swali lako ni zuri. Huku juu maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100; Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni kama nyuzi 94. Mvuke wetu una joto dogo kidogo, hivyo ongeza dakika chache. Usiongeze makaa: maji yakishachemka moto mkali hauyapandishi joto, unayarusharusha tu. Na yai la maziwa linashika likikaribia nyuzi 80 na kitu, kwa hiyo joto letu linatosha.

Mwalimu Tukuyu: Mzee wangu anakohoa kila akimeza, hata hili laini. Niongeze maziwa liwe jepesi?
— Hapana, mkuu. Jepesi linapalia zaidi. Kukohoa wakati wa kumeza, au sauti kuwa kama ina maji baada ya kula, ni shida ya kumeza, siyo ya meno. Chakula kinaweza kuingia mapafuni. Simamisha, mrudishe hospitali wamwangalie anavyomeza.

Bi Mdogo: Wangu hataki maziwa kabisa.
— Tumia supu ya kuku iliyochujwa na kuenguliwa mafuta, vuguvugu, kipimo kile kile. Ikiwa na chumvi, usiongeze.

Mwalimu Tukuyu: Ndaga fijo, kesho asubuhi nampeleka. Huku maparachichi yamejaa. Akiruhusiwa, naweza kumchanganyia?
— Akiruhusiwa, ndiyo. Liwe limeiva kweli, ulipitishe kwenye chujio lisibaki na nyuzi, uchanganye kijiko kimoja yai likishapoa kidogo. Ukilipika pamoja na yai linakuwa chungu.